Ombi la kusahihishiwa mtihani upya: nini cha kuandika kwenye kisanduku cha maelezo

Tangu rufaa za mitihani zianze kupokelewa kwa njia ya mtandao hapa chuoni, ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja: mwanafunzi ameomba kwa adabu, amelipa ada, na ombi limerudi na neno "halikukubaliwa". Wengi huamini kwamba hatukulisoma. Tulilisoma. Tatizo mara nyingi limo ndani ya kile kisanduku kidogo cha mwisho wa fomu, kilichoandikwa Remarks, na ndicho ninachotaka kukieleza leo. Ninazungumzia utaratibu wa chuo chetu. Vyuo vingine vya Tanzania vina kanuni zao, hasa kuhusu ada na siku, hivyo aliyeko kwingine asome za kwake.

Kwanza, mjue maneno yenu yanasomwa na nani. Maelezo ya kisanduku husomwa na afisa mitihani wa kitivo, kisha na mkuu wa idara. Hao wawili wanaamua jambo moja tu: ombi hili linahitaji nini? Linaweza kuhitaji uhakiki, yaani kufungua kijitabu cha majibu na kuangalia kama kila swali lina alama, kama jumla iliyo kwenye jalada ni sahihi, na kama alama iliyoingizwa kwenye mfumo ndiyo iliyo kwenye karatasi. Au linaweza kuhitaji kusahihishwa upya, yaani mtahini mwingine apewe kijitabu na mwongozo wa kusahihishia, atoe alama zake. Mtahini huyo hapewi maelezo yako. Hajui kama unadaiwa, kama umefiwa, wala kama ulipata alama za juu muhula uliopita, na hatakiwi kujua. Kwa hiyo anayedhani anamwandikia mtu atakayemhurumia wakati wa kusahihisha anamwandikia mtu asiyekuwepo.

Pili, kisanduku kinapokea herufi 500, nafasi zikihesabiwa. Kinachozidi hapo hakihifadhiwi. Wanafunzi wengi huandika barua yao kwanza kwenye simu, au wanaandikiwa stesheneri, kisha wanaibandika bila kutazama kilichobaki. Huu hapa mfano. Nimeuunda mwenyewe kutokana na maombi tunayoyaona kila muhula. Si wa mwanafunzi yeyote mmoja:

"Shikamoo Mheshimiwa Mkuu wa Idara. Natumaini wewe pamoja na familia yako ni wazima wa afya na mnaendelea vyema na majukumu ya kila siku. Mimi ni mwanafunzi wako mtiifu wa mwaka wa pili. Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa naomba unisikilize kilio changu. Nimesoma kwa bidii sana na sijawahi kufeli tangu shule ya msingi. Nyumbani mimi ndiye tegemeo na nikipata sapu mkopo wangu utakuwa mashakani. Naomba sana mtihani wangu usahihishwe upya kwa sababu naamini kuna makosa yametokea. Kwenye swali la 4 ni"

Herufi zimeishia hapo. Swali la 4 lilikuwa na nini? Ndicho kitu pekee tulichokihitaji, na ndicho kilichokatwa. Adabu ya barua hii haina kasoro, na hakuna ofisini anayekerwa na shikamoo. Lakini salamu na historia ya maisha vimekula nafasi yote, na hoja ikawekwa mwishoni kama tulivyozoea kuandika barua za karatasi. Kwenye fomu hii hoja inatangulia.

Sasa tuseme mwanafunzi huyo alikuwa na hoja ya kweli. Mtihani wake wa takwimu ulikuwa na maswali 5, kila moja alama 20, jumla 100, kisha alama hizo hubadilishwa kuwa 60. Alipata 11 swali la kwanza, 9 la pili, 8 la tatu na 7 la tano, jumla 35, ambayo ni 21 kati ya 60. Kazi za muhula alikuwa na 17.5 kati ya 40. Ukijumlisha unapata 38.5. Kwa madaraja yetu C inaanzia 40, hivyo hiyo ni D, na D kwetu ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Swali la 4 alilijibu kwenye kijitabu cha pili, na kwenye jalada la kijitabu cha kwanza hakuandika namba 4 katika orodha ya maswali aliyojibu. Msahihishaji alipofika mwisho wa kijitabu cha kwanza akajumlisha na kufunga. Kijitabu cha pili kipo ndani ya bahasha, hakina hata alama moja ya wino mwekundu.

Ombi lake lingeandikwa hivi, lingetosha:

"Shikamoo. Naomba swali la 4 likaguliwe. Nililijibu kwenye kijitabu cha pili nilichokifunga pamoja na cha kwanza, na nilisaini kwenye fomu ya mahudhurio kuwa nimekusanya vijitabu 2. Kwenye jalada nilisahau kuandika namba 4. Nilijibu maswali yote 5, na alama ya mtihani inayoonekana ni 21 kati ya 60. Ahsante."

Afisa akisoma hayo anajua aanzie wapi. Anatoa fomu ya mahudhurio, anaona vijitabu 2, anafungua bahasha, anakuta swali halijasahihishwa. Likisahihishwa na kupata 12, jumla ya mtihani inakuwa 47 kati ya 100, yaani 28.2 kati ya 60. Ongeza 17.5, unapata 45.7, ambayo ni C. Sapu imeondoka. Hakuna aliyemhurumia; alama zilikuwa zake tangu mwanzo.

Mtaniuliza: na mimi nisiyejua kosa liko wapi, ninayehisi tu kwamba nilistahili zaidi? Una haki ya kuomba, na ombi lako litashughulikiwa. Lakini usiandike "nilitarajia B+". Matarajio hayatupi pa kuanzia. Andika swali unalolitilia shaka na ulichokijibu kwa sentensi moja: ulitumia njia gani, ulifikia jibu gani. Kama kuna njia mbili halali za kufikia jibu na mwongozo ulikuwa na moja tu, hiyo ni hoja nzito, na idara huichukulia kwa uzito. Ujue pia kwamba kijitabu kikisahihishwa upya alama inayopatikana ndiyo inayobaki, hata ikishuka. Kila muhula tunalazimika kulirudia hili, na kila muhula kuna anayesema hakuambiwa. Limeandikwa juu ya kitufe cha kutuma, na unaweka alama ya kukubali kabla hujatuma.

Kabla hujalipa chochote, angalia safu ya CA, yaani alama za kazi za muhula, na safu ya UE, yaani alama za mtihani wa mwisho, kwenye ukurasa wa matokeo. Ikiwa UE yako inaridhisha na CA ina upungufu, kwa mfano jaribio la pili linaonyesha sifuri ilhali ulilifanya, basi rufaa ya mtihani haikuhusu. Hakuna kijitabu cha mtihani kitakachofunguliwa kitakachoonyesha alama za jaribio. Nenda kwa mhadhiri wa somo ukiwa na karatasi yako ya jaribio iliyorudishwa, naye ataomba marekebisho kupitia idara. Maombi ya namna hii ni mengi mno, na ada iliyolipwa hairudi kwa sababu mwombaji alichagua mlango usio wake. Ada hurudishwa pale tu daraja linapobadilika kwa faida yako.

Kuna mambo ambayo naomba kwa dhati yasiandikwe kwenye kisanduku hicho. La kwanza ni ugonjwa. Ukiugua siku ya mtihani, utaratibu wake ni kuomba mtihani maalumu kwa cheti cha daktari, na huombwa wakati wake, si baada ya matokeo. Tena taarifa za afya yako ni nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa ulinzi wa pekee. Hakuna sababu ya kuzimwaga mbele ya kila anayeshughulikia fomu.

La pili ni zito zaidi. Mwanafunzi aliyeombwa fedha au rushwa ya ngono ili afaulu asiandike habari hiyo hapo. Fomu inapita kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara ni mhadhiri pia. Huenda ndiye anayetajwa, au ni rafiki wa anayetajwa. Peleka taarifa TAKUKURU, ambao namba yao ya bure ni 113. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa la rushwa ya ngono waziwazi. Tunapolikuta dai kama hilo kwenye kisanduku hatulipuuzi, lakini linakuwa limeshaonwa na watu ambao hawakupaswa kuliona, na hilo linamweka mwanafunzi hatarini.

Na kwa upande wa pili: anayeandika "nitashukuru kwa namna yoyote", au anayemtafuta mtahini kwa simu baada ya kutuma fomu, anajiweka mahali pabaya. Ombi husimamishwa, taarifa huenda kamati ya nidhamu, na kutoa ahadi ya fedha kwa mtahini ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Kuambatisha nyaraka ya kughushi ni kosa la nidhamu linaloweza kumfukuzisha mtu chuo, hata kama hoja yake ya awali ilikuwa ya kweli.

Kuhusu kutuma: fomu hufunguliwa kwa siku 14 tangu matokeo ya awali yatangazwe. Ukishajaza, mfumo unakupa kontroli namba. Ukilipa kwa benki au kwa simu, hali ya fomu hubadilika yenyewe kutoka rasimu kuwa imepokelewa. Picha ya risiti haiibadilishi. Fomu iliyobaki rasimu siku ya 15 haijatufikia, hata kama fedha imetoka mfukoni mwako, kwa hiyo ingia tena uangalie kesho yake, na kama bado ni rasimu fika ofisini siku zikiwa hazijaisha. Ukiwa humo soma na kisanduku, uone kama sentensi yako ya mwisho imefika mwisho.

Majibu hupitia bodi ya mitihani ya kitivo, kisha Seneti, nayo haikai kila wiki. Kwa hiyo jiandikishe kwa sapu kama kawaida. Rufaa ikifaulu kabla ya siku ya mtihani, jina lako litaondolewa kwenye orodha nasi tutakujulisha. Siku ikifika hujajibiwa, ingia ukafanye. Rufaa ikifaulu baadaye, daraja la rufaa ndilo litakaloingia kwenye kumbukumbu zako na lile la sapu litafutwa. Asiyefanya sapu kwa kungoja rufaa, rufaa ikakataliwa, hana mtihani mwingine wa somo hilo hadi mwaka unaofuata.