Kigawo cha 1.25 kwenye udongo si kidogo kama kinavyoonekana

Dhana: Katika kusanifu misingi ya majengo, zamani tuligawa kwa 3, sasa tunagawa kwa 1.25, kwa hiyo usalama umepungua.

Ukweli: Namba hizo mbili hazikai mahali pamoja. Kwa njia ya mkazo unaoruhusiwa, unakokotoa mzigo ambao udongo ungeshindwa kuubeba, kisha jibu zima unaligawa kwa 3. Kwa njia ya hali ya ukomo, kama ilivyo kwenye Yurokodi 7 (EN 1997-1), kanuni ya Ulaya ya usanifu wa misingi na udongo, unapunguza kwanza nguvu ya udongo yenyewe, ndipo unaanza hesabu.

Chukua msingi wa ukanda wenye upana wa mita 1.5, uliochimbwa mita 1 kwenye mchanga mkavu wa 18 kN/m³, pembe ya msuguano 35°. Uwezo wake wa mwisho ni takriban 1,210 kPa. Ukigawa kwa 3 unabaki na 403 kPa.

Sasa fuata Njia ya Usanifu ya 1 ya Yurokodi 7, mchanganyiko wa 2 wa vigawo. Kinachogawanywa kwa 1.25 ni tanjenti ya pembe. Wengi huigawa pembe yenyewe na kupata 28°, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Tanjenti ya 35° ni 0.70, ukiigawa inakuwa 0.56, yaani pembe ya 29.3°. Nyuzi zisizofika sita tu, lakini Nq, kizidishi cha uwezo wa kubeba kinachotokana na pembe hiyo, imeshuka kutoka 33 hadi 17, na uwezo umeanguka hadi karibu 544 kPa. Kile kigawo cha 1.25 kimefanya kazi ya 2.2. Theluthi moja ya mzigo ikiwa ni ya kubadilika, nayo ikazidishwa kwa 1.3, unafika karibu 2.4.

Dhana: Kwa usalama zaidi, chagua kipimo cha chini kabisa cha maabara, kisha ugawe.

Ukweli: Namba unayoigawa huitwa thamani bainifu, nayo ni makadirio ya tahadhari ya nguvu inayotawala kushindwa kwa eneo zima la udongo linalohusika. Sampuli moja dhaifu haiwakilishi eneo hilo, isipokuwa kama kuna tabaka laini ambalo mtelezo unaweza kulifuata. Ukishuka hadi chini kabisa kisha ukagawa, tahadhari umeihesabu mara mbili, na mteja ndiye analipia zege.

Dhana: Msingi ukipita ukomo wa nguvu, kazi imekwisha.

Ukweli: Hapa naomba tuwe makini sana. Ile 3 ya zamani ilikuwa ikizuia pia kutitia, kimyakimya. Kwenye mfano wetu, 544 kPa haisemi lolote kuhusu milimita ambazo msingi utashuka; hilo lina hesabu yake, kwa mizigo ya matumizi isiyozidishwa. Kwa udongo wa mfinyanzi Yurokodi 7 inataja kabisa: gawanya uwezo wa kubeba, kwa nguvu ya awali kabla maji hayajatoka, kwa mzigo wa matumizi. Ukipata chini ya 3, kokotoa kutitia. Ukipata chini ya 2, hesabu hiyo izingatie pia kwamba udongo hulegea kadiri mzigo unavyopanda.