Sentensi ambayo katibu muhtasi anaweza kuibeba

Ninauza na kufunga kapasita za viwandani hapa Dar es Salaam, zile za kurekebisha paua fakta, yaani uwiano kati ya umeme unaofanya kazi kweli, kW, na umeme wote ambao kiwanda kinavuta, kVA. Anayeidhinisha pesa ya kazi hiyo ni mkurugenzi, na mkurugenzi hakai mapokezi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu, kabla sijagusa hata waya mmoja, ni kuzungumza na mlinzi, dada wa mapokezi na katibu muhtasi.

Nilipoanza nilikuwa na mbinu zangu. Kwenye kitabu cha wageni getini, penye safu ya sababu ya kuja, niliandika "binafsi". Mara moja ikafanya kazi hadi mlangoni kwa bosi wa kiwanda kimoja. Alisimama kunipokea akidhani nimeleta habari ya msiba. Nilipotoa kipeperushi alikaa, akaniuliza nani kaniruhusu, na kupitia mlango uliobaki wazi nikasikia katibu wake akigombezwa kwa kosa langu. Sikuuza kitu pale, wala sijaweza kurudi. Yule mama alikuwa na haki ya kunikumbuka.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba dada wa mapokezi na katibu muhtasi wanafanya kazi mbili tofauti. Wa mapokezi anaelekeza. Hana shajara ya bosi, ana simu zinazolia na mtu wa vifurushi anayesubiri sahihi. Ukimmiminia maelezo ya bidhaa unamchosha bure, maana hata akikuelewa hana la kukufanyia. Namuomba kitu kimoja tu: "Habari za kazi, dada. Nina suala la gharama za umeme wa kiwanda. Kwenu linaangukia ofisi ya nani?" Mara nyingi jibu linakuja palepale, na mara nyingi si kwa mkurugenzi. Ni kwa mhandisi wa matengenezo au meneja wa fedha. Nusu ya milango niliyokuwa nagonga kwa nguvu haikuwa ya kwangu.

Katibu muhtasi ni habari nyingine. Huyo anaingia kwa bosi mara kadhaa kwa siku, na kila anapoingia na jambo la mtu mwingine, anaweka jina lake rehani. Bosi atamuuliza: nani huyu, anataka nini, itachukua muda gani? Asipokuwa na majibu ataonekana yeye ndiye hajui kazi. Kwa hiyo namuandalia sentensi anayoweza kuibeba jinsi ilivyo, bila kuipamba wala kuihifadhi kichwani.

Nitoe mfano wa kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere. Nilimpigia katibu saa tano kasoro, siku ya Jumatano. Jumatatu asubuhi ni ya vikao, na mwisho wa mwezi ni wa mishahara. Siku hizo hata mtu mpole hukujibu kwa mkato. Baada ya salamu nikasema: "Mama, sijuani na mkurugenzi na hajaniita. Ninafunga vifaa vya kupunguza kVA kwenye bili ya TANESCO. Naomba dakika kumi na tano aamue kama mhandisi wenu apime au tuachane nalo. Kama si la kwake, niambie ni la nani."

Sentensi ile ya kwanza wauzaji wengi wanaiogopa. Wanataka isikike kana kwamba wanafahamiana na bosi, wanamtaja kwa jina la kwanza. Lakini katibu anawajua jamaa zake bosi kuliko wewe, na uongo huo anaunusa kabla hujamaliza. Ukikiri kwamba hujaitwa, unamwondolea kazi ya kukuchunguza, na swali linalobaki ni kama jambo lenyewe lina maana.

Akasema, "Tuma barua pepe." Hapa sikiliza vizuri. Ukipewa anwani ya jumla inayoanza na `info@`, umeagwa kwa adabu. Ukipewa anwani yake mwenyewe, akauliza utaandika kichwa gani cha habari ili aitambue, mlango uko nusu wazi. Huyu aliniuliza kichwa cha habari.

Nikatuma ukurasa mmoja. Sikuahidi akiba, kwa sababu bili yao sikuwa nimeiona. Niliandika mfano wa hesabu tu: kiwanda kinachotumia kW 300 kwa paua fakta ya 0.75 kinahesabiwa kVA 400. Ikipandishwa hadi 0.95, kazi ni ileile lakini kVA zinashuka hadi kama 316. Tofauti ni kVA 84 kila mwezi, na bei ya kVA moja imeandikwa kwenye bili yao wenyewe. Mwisho nikaongeza kwamba kama paua fakta yao tayari iko juu ya 0.95, hawanihitaji. Mstari huo ulimpa katibu kitu cha kukagua bila mimi: alimpigia mhandisi kumuuliza namba moja.

Siku mbili hakuna neno. Nikangoja hadi Jumatatu ya pili ipite, nikapiga Jumanne. Ninapofuatilia, lazima niwe na jipya la kusema. "Nilikuwa naulizia tu" humlazimisha mwenzako atunge kisingizio. Safari hii nilikuwa na kifaa cha kupimia ambacho kingekuwa huru wiki ile. Nikishafuatilia mara mbili bila jibu la maana, namwambia katibu mwenyewe kwamba nalifunga jambo upande wangu. "Yuko kikaoni" ya kwanza huwa kweli. Ya tatu mfululizo ni "hapana", na kumlazimisha mtu aitamke ni kumsumbua.

Kuna vitu sivifanyi. Sipigi saa ya chakula nikitumaini bosi atapokea mwenyewe. Hela ya soda simpi katibu. Ikijulikana, anayeumia ni yeye. Na namba ya Watsapu ya bosi niliyopewa na rafiki wa rafiki siitumii, hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sikuwahi kuona mtu akifurahia kupatikana hivyo.

(Ofisi za serikali zina njia yao kabisa. Huko usipambane na katibu. Peleka barua masijala, imwelekee mwenye cheo na si jina, yenye "YAH:" inayoeleweka, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jalada litapanda lenyewe. Ukiulizia, ulizia kwa namba ya jalada.)

Tuendelee na kiwanda. Jibu la bosi lilipitia kwa katibu: mwone mhandisi kwanza. Zamani ningeona nimerudishwa chini. Nikaenda, tukapima kwenye ubao mkuu siku ya kazi mashine zote zikizunguka, ikasoma 0.78. Mhandisi ndiye aliyeomba miadi kwa bosi, tukaingia wawili saa nne asubuhi. Dakika ya kumi na mbili maswali yalikuwa yameisha, nikaaga.

Nikapitia mezani kwa katibu kumwambia tulipofikia: mhandisi ataandaa maombi, yatakwenda kwa meneja wa fedha, sitahitaji kumwona tena mkurugenzi. Akafungua shajara, akakata jina langu kwenye Alhamisi ya wiki iliyofuata, ambako alikuwa ameshanitengea nafasi ya akiba.