Mchezo na SACCOS: nani hasa anamkopesha nani?

Wauza mitumba kumi wanacheza mchezo wa shilingi 50,000 kwa wiki. Kila Jumamosi jioni kijumbe anapita meza kwa meza na daftari lake, anakusanya, na 500,000 inatua mkononi mwa mmoja. Wiki kumi zikiisha kila mtu ameshapokea, wanaanza upya. Baadhi yao ni wanachama wa SACCOS pia, na ukiwasikiliza wakilinganisha mambo haya mawili utasikia maneno yaleyale kila mara.

"Mchezo ni kuweka akiba tu, humo hakuna mkopo."

Inategemea umepewa zamu ya ngapi. Anayepokea wiki ya kwanza ametoa 50,000 na ameondoka na 500,000. Zile 450,000 zilizobaki ni za wenzake tisa, naye atazilipa kidogo kidogo kwa wiki tisa zijazo. Huo ni mkopo mtupu, hauna riba, hauna fomu wala mdhamini. Wa kumi mambo yake yako kinyume. Siku ya zamu yake tayari ameshatoa 450,000 kwenye mifuko ya wenzake, na yeye ndiye aliyekopesha bila kupata hata senti ya faida. Waliopo katikati wamekopesha kidogo na kukopa kidogo.

Ndiyo maana watu wanagombania namba za mwanzo, na ndiyo maana kijumbe mwenye akili hampi mgeni namba ya kwanza wala ya pili. Anamweka mwisho mzunguko mmoja au miwili, amwone analipaje. Hiyo ndiyo kamati ya mikopo ya mchezo, ila imekaa kichwani mwa mtu mmoja.

"Tunajuana, hatari iko wapi?"

Tuchukue hao kumi. Wa pili alipokea wiki ya pili. Wiki ya tatu akatoa kama kawaida, wiki ya nne meza yake ikakutwa tupu na simu haipatikani. Ametoa mara tatu, yaani 150,000, na amechukua 500,000. Pengo ni 350,000. Kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi, kila anayepokea anapata 450,000 badala ya 500,000, isipokuwa kijumbe azibe mwenyewe, na wapo wanaoziba, kwa sababu jina la kijumbe likiharibika hakuna atakayecheza naye tena.

Kama pengo lingeishia hapo, lingevumilika. Kinachoua mchezo ni minong'ono. Wa tisa akisikia kwamba kuna mtu ametoroka, anajiuliza kwa nini aendelee kutoa wakati zamu yake iko mbali. Akiacha yeye na wa kumi akaacha, walio katikati wanapokea 350,000 tu. Ukiona hela inatolewa vipande vipande, "chukua hii, nyingine Jumatano," au kijumbe ameanzisha mchezo wa pili kabla wa kwanza haujaisha na bado anadaiwa, ujue hela ya wapya inaziba mashimo ya wa zamani.

Kujuana kunasaidia pale tu ambapo mtu hawezi kuhama. Mwenye kibanda cha miaka kumi si sawa na aliyepanga meza mwezi jana.

(Na mchezo huu usichanganywe na upatu wa piramidi, ule unaoahidi kwamba ukiweka hela zitazaa. Ule ni kosa la jinai Tanzania. Kwenye mchezo wa kweli hakuna anayepokea zaidi ya anachotoa.)

"SACCOS ni kama benki, akiba yangu natoa nikitaka."

Hapa ndipo wengi wanaponuna dirishani. Kwenye SACCOS nyingi unalipa kiingilio, unanunua hisa, kisha unaweka akiba kila mwezi. Hisa ndizo mtaji wa chama. Akiba ni yako, lakini ndiyo dhamana ya mkopo wako, na ikibidi ya mkopo wa mwenzako. Kwa kawaida huitoi yote mpaka ujiondoe uanachama, na kujiondoa kuna muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye masharti ya chama. Hela ya kuingiza na kutoa inawekwa kama amana, chama chako kikiwa na huduma hiyo. Uliza kabla hujaweka, hela yako inaandikwa upande gani wa kitabu.

"Nina akiba 600,000, basi nina haki ya 1,800,000."

Mara tatu ya akiba ni dari tu, na vyama vingine vinaweka mara mbili. Fikiria: kama wanachama wote wangeomba mara tatu ya akiba zao siku moja, hela ingetoka wapi, wakati iliyopo ni akiba zao wenyewe? Inawezekana kwa sababu wengine hawakopi kwa sasa, na waliokopa jana wanarejesha. Chama kikiishiwa kuna foleni, au kinakwenda kukopa benki. Kwa hiyo SACCOS nayo ina zamu, ila huioni mpaka siku utakapoambiwa fomu yako imepita na hela bado.

Ukipata hiyo 1,800,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, unarejesha 150,000 ya mkopo kila mwezi pamoja na riba. Mwezi wa kwanza riba ni 18,000, wa mwisho ni 1,500, jumla 117,000. Ni nafuu. Ila kumbuka 600,000 yako imelala humo muda wote, kwa hiyo hela ya wengine uliyoipata kwa kweli ni 1,200,000.

"Kudhamini ni kusaini tu."

Hiyo 1,200,000 ndiyo wanayoibeba wadhamini. Tuseme wako wawili, kila mmoja 600,000. Mkopaji ameacha kulipa deni likiwa limebaki 1,200,000. Chama kinakata kwanza akiba yake 600,000. Inayobaki inagawanywa, 300,000 kwenye akiba ya kila mdhamini. Hakuna anayekuja kukugongea mlango. Unaenda kuomba mkopo wako wa ada, unakuta akiba imepungua. Na hata mkopaji akilipa vizuri, wewe mdhamini huwezi kujitoa kwenye chama mpaka deni lile liishe au apatikane wa kukurithi. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa ya SACCOS kwa mtu wa kawaida, kuliko viongozi wezi, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

"Imesajiliwa, kwa hiyo hela ina bima."

Bodi ya Bima ya Amana inawalinda wenye amana kwenye benki na taasisi za fedha zinazochangia mfuko wake. SACCOS haimo. Chama kikifilisika, unasubiri kitakachobaki baada ya madeni.

Usajili wenyewe si leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS inatakiwa kuwa na leseni, inayotolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Cheti cha usajili ukutani peke yake hakitoshi. Omba uonyeshwe leseni na utazame tarehe yake. Halafu nenda mkutano mkuu na usikilize sehemu moja tu ya taarifa ya ukaguzi, ile inayotaja mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa inavyotakiwa. Mwenyekiti akiiruka haraka kwenda kwenye chakula, nyoosha mkono uulize ni shilingi ngapi na ni za watu wangapi.