"Sijacheka, basi stendapu si yangu"

Dhana: Mchekeshaji akiwa maarufu, atamchekesha kila mtu.

Ukweli: Mtoto wa mjomba wangu, tunayeishi naye Majengo hapa Moshi, aliamua kuonja stendapu za Kiingereza Netflix, yaani vichekesho vya mtu mmoja anayesimama jukwaani na kuongea. Akaanza na mchekeshaji wa Uingereza, Jimmy Carr. Dakika kumi zikapita, uso mkavu. "Kaka, huyu anachekesha nini?"

Carr anatoa vichekesho vya sentensi moja au mbili. Anakuelekeza kushoto, neno la mwisho linakutupa kulia, kisha anaruka kwenda kingine kisichohusiana kabisa. Anamfaa mtu anayependa mafumbo na kuchezea maneno, na asiyeshtuka, maana utani wake ni mchafu. Usimwangalie mbele ya mama mkwe. Sasa huyu ndugu yangu kijiweni ndiye anayesimulia safari moja ya daladala nusu saa, kila abiria na sauti yake. Mtu wa hivyo anataka kisa.

Nikamwekea Son of Patricia, stendapu ya Trevor Noah wa Afrika Kusini, ya mwaka 2018. Noah anasimulia alivyokwenda Bali, watalii wakapelekwa nyumbani kwa mwenyeji kutazama maisha yake. Kwa sisi tunaoona magari ya watalii yakielekea kwenye maboma kila siku, hapo hapahitaji maelezo. Noah anabadilisha sauti na mkao kwa kila mhusika, na hata neno likikupita, mwili wake unakuambia. Jamaa alicheka mpaka akashika ubavu.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize ni nani anayekuchekesha mtaani: mwenye majibu ya mkato au mwenye visa?

Dhana: Kiingereza kikikusumbua, washa maandishi ya chini.

Ukweli: Inategemea mtindo. Mara nyingi sentensi nzima hutokea kwenye skrini kabla msemaji hajaimaliza. Kwa Carr hilo ni balaa, kwa sababu kichekesho chote kimekaa kwenye neno la mwisho, nawe umeshalisoma. Kwenye kisa kirefu hasara ni ndogo. Ukiona watu ukumbini wanacheka wewe ukiwa umeshamaliza kutabasamu, zima maandishi, urudie kipande hicho.

Dhana: Vipande vya dakika moja vya mtandaoni vinatosha.

Ukweli: Kwa vichekesho vifupi, sawa. Lakini chukua Nanette, stendapu ya Hannah Gadsby wa Australia, nayo ya 2018. Mapema anasimulia kwa utani kijana aliyetaka kumpiga kituo cha basi, watu wanacheka, anaendelea. Karibu na mwisho anakirudia kisa kile kile na kusema sehemu aliyoiruka, na ukumbi unanyamaza. Kipande cha dakika moja kitakupa kicheko tu, bila ile sehemu iliyorukwa. Ila usianze na hiyo kama umetoka kazini umechoka na unataka kucheka tu. Ndugu yangu alikaa kimya mpaka majina yakaanza kupita kwenye skrini, halafu akaniuliza kama Noah ana nyingine.