Picha ya tiketi imekuja bila neno: nianze kumwonyesha nini?

Mchana mmoja iliingia picha kwenye simu yangu. Haikuwa na salamu wala swali, ni karatasi ya tiketi tu imelazwa juu ya kitambaa cha meza, kona ya chini imekatika. Aliyeituma namfahamu, nimeshamkatia tiketi mara kadhaa. Hii ilikuwa ya mama yake, ilikatwa na wakala mwingine, Dar es Salaam kwenda Muscat.

Sisi wakala wa tiketi tunapokea picha za namna hii kila wiki. Mtu akituma picha peke yake, mara nyingi ana wasiwasi ila hajui aulize lipi. Ukimjibu "iko sawa" humsaidii, na ukimsomea karatasi yote utamchosha kabla hujafika panapouma. Mimi huchagua machache yanayoweza kumwacha msafiri uwanjani. Sehemu niliyoitazama ilikuwa hivi, jina nimeweka la mfano:

```
ABDALLAH/SALMAJUMAMRS
DAR MCT  16JUN  0040  0700  OK  30K
NVA 16DEC
```

Kitu cha kwanza nilichomwomba ni picha nyingine yenye karatasi nzima. Kona iliyokatika ndiyo ilikuwa na namba ya tiketi, na bila namba hiyo siwezi kusema kama tiketi imelipiwa na kutolewa au nafasi imeshikwa tu. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 910 ni Oman Air, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Zile herufi na namba sita ambazo watu huziita namba ya bukingi hazitoshi. Nafasi iliyoshikwa nayo inazo, na ikipita muda wa malipo hufutwa bila mtu kupigiwa simu. Picha ya pili ilipokuja, tarakimu 13 zilikuwepo. Hilo likaisha.

Kisha nikaja kwenye saa, na hapa ndipo huwa nakaa sana.

Tiketi inasema 16JUN, 0040, na tarehe 16 ni Jumanne. Nikamuuliza mteja, mama anaondoka lini? Akajibu bila kusita: Jumanne usiku. Sikushangaa. Ukimwambia mtu wa kwetu "Jumanne usiku", anaelewa usiku unaoingia baada ya jua la Jumanne kuzama. Tiketi inahesabu vingine: siku yake inaanza saa sita kamili usiku. Kwa hiyo 0040 ya tarehe 16 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Mama angefika uwanjani Jumanne usiku, ndege ingekuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Tazama pia kwamba mambo yote ya kufika uwanjani na kaunta yanafanyika tarehe 15. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka, yaani hapa saa tano na dakika arobaini usiku, bado ni Jumatatu. Ila hiyo tarehe 15 haijaandikwa popote kwenye karatasi. Ndiyo maana, kila nikiona saa inayoanza na 00, 01 au 02, siishii kumsomea mtu tarehe ya tiketi. Namwandikia siku na saa ya kutoka nyumbani.

Saa ya kufika nayo ina mtego wake. 0700 si saa saba. Ni saa moja asubuhi, na ni saa ya Muscat, kwa sababu kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, hivyo ndege itakapotua, hapa Dar itakuwa saa kumi na mbili alfajiri. Ukitoa 0040 kwenye 0700 unapata saa sita na dakika ishirini, lakini mama atakaa angani saa tano na dakika ishirini. Mpwa wake anayempokea Muscat alikuwa ameambiwa "saa saba" na angekwenda mchana.

Ile tarehe nyingine, NVA 16DEC, nilimwambia aiache. Inaonyesha mwisho wa tiketi kutumika, si siku ya kurudi. Nimeshaona familia nzima ikijipanga kumpokea mtu kwa tarehe hiyo.

Kwenye mizigo, 30K ni kilo 30 kwa jumla za mzigo unaowekwa kaunta. Ingeandikwa 2PC ingekuwa mabegi mawili, kila moja na kikomo chake, mara nyingi kilo 23, na hapo begi la tatu hulipiwa hata kama yote ni mepesi. Kwenye hesabu ya kilo, mama anaweza kugawa mzigo, ila begi moja lisizidi kilo 32, kwani wabebaji wa uwanjani hawaruhusiwi kuinua zito zaidi ya hapo. Nikauliza anatokea wapi. Mwanza, kwa ndege, na tiketi ya Mwanza ni nyingine kabisa, kilo 23, asubuhi ya tarehe 16.

Picha ya peke yake isingeweza kunionyesha hilo. Kwanza, ndege ya Mwanza ingemfikisha Dar wakati ya Muscat imeshatua. Pili, akifunga kilo 30 za nguo na dagaa, saba angezilipia Mwanza. Na kwa kuwa tiketi ni mbili zisizounganishwa, mabegi angeyachukua Dar mwenyewe na kuyapeleka tena kaunta ya safari za nje. Wakaisogeza ya Mwanza hadi Jumatatu asubuhi, na walilipa tofauti ya nauli.

Likabaki jina. MRS iliyogandana mwishoni humtisha kila mtu, lakini ni cheo tu, mifumo huandika hivyo. Kilicho kabla ya mkwaju ni jina la ukoo, kinachofuata ni jina lake na la baba. Kama limeandikwa sawasawa, tiketi peke yake haiwezi kusema, lazima pasi ilazwe kando yake. Nikaomba picha ya ukurasa wenye sura, nikasoma mistari miwili ya chini yenye alama za <, kwa sababu mashine ya kaunta husoma hiyo. Pasi ilikuwa na ABDALA. Tiketi, ABDALLAH.

Majina yetu ndivyo yalivyo: Rashid na Rashidi, Halfani na Khalfan. Herufi zikipungua au kuzidi, mashirika mengi hukubali kurekebisha, ila huanzia kwa aliyekata tiketi, na kabla ya siku ya safari. Kubadilisha jina zima hawakubali, maana hapo ni mtu mwingine. Nilimtuma kwa wakala wake na picha zote mbili, nikamsihi aifute ile ya tiketi kwenye grupu la ukoo. Jina la ukoo na zile herufi sita vinatosha mtu yeyote kuifungua bukingi mtandaoni na kuichezea.

Ujumbe wangu wa mwisho kwake ulikuwa huu: "Mama awe uwanjani Jumatatu tarehe 15, saa tatu na nusu usiku. Mzigo kilo 23 kutoka Mwanza, 30 kutoka Dar. Afike na tiketi mpya yenye ABDALA. Muscat apokewe Jumanne saa moja asubuhi."