Dola 38,000 ambazo hakuna atakayezilipa

Juma hili tena, mwenye karakana mmoja hapa Lubumbashi aliweka kidole chini ya hesabu yangu akasema: "Basi papa, nitenge 38,000." Hapana! Thamani ya fedha inayotarajiwa, yaani wastani wa gharama kwa kuzingatia uwezekano wa kila tokeo, si bajeti. Mwaka huu nimelirudia hilo mara nyingi mno.

Anatakiwa kuupelekea mgodi fremu 40 za pampu. Azichomelee mwenyewe, au azinunue Kitwe, Zambia? Nilichora mti wa maamuzi: mraba ni pale anapoamua, duara ni pale asipoamua yeye. Akitengeneza na umeme ukikaa, gharama ni 28,000. Umeme ukikatika mfululizo, atakodi jenereta kwa haraka, atalipa saa za usiku na faini ya kuchelewa, na jumla itafika 53,000. Kukatika tulikupa asilimia 40. Kwa hiyo 0.6 × 28,000 + 0.4 × 53,000 ni 38,000. Akinunua, bei ni 36,000 mpaka mlangoni, lakini kuna asilimia 20 kwamba lori litakwama mpakani Kasumbalesa na faini ipandishe jumla hadi 50,000. Wastani wake ni 38,800.

Sasa tafuta tawi lenye 38,000. Halipo. Atalipa 28,000 au 53,000. Wastani huo ungemfaa mtu mwenye oda kama hii mia moja, maana hasara ya moja ingefidiwa na nyingine. Yeye ana oda moja, na kasha lake lina 45,000. Akitengeneza, uwezekano wa kuishiwa fedha kazi ikiwa katikati ni asilimia 40. Akinunua, ni 20. Kwa tofauti ya dola 800 asingepaswa kuibeba hatari maradufu, na mti peke yake haumwambii hivyo, kwa sababu haujui kasha lina kiasi gani.

Kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi: ile asilimia 40 ilitoka kwa msimamizi wa wachomeleaji, kwa kumbukumbu yake ya kiangazi kilichopita. Sina namba bora kuliko yake. Ninachoweza ni kuuliza ingebidi iwe ngapi ili jibu ligeuke: 28,000 + 25,000p = 38,800, yaani p ni kama asilimia 43. Pointi tatu tu! Hakuna msimamizi anayeweza kutofautisha 40 na 43, kwa hiyo hesabu ile haikuwa imechagua chochote.

Ndipo tukachora tawi ambalo hakulifikiria: kulipia jenereta mapema, 4,000, itumike isitumike. Umeme ukikaa, jumla ni 32,000. Ukikatika, ni 42,000, kwa sababu kukodi kwa haraka na faini vinaondoka. Wastani ni 36,000, tawi baya linaenea kwenye kasha, na kununua hakuwi nafuu mpaka uwezekano wa kukatika upite asilimia 68. Msimamizi wake, nilipomuuliza kama inaweza kufika huko, alijibu bila kusita kwamba haifiki.