Saa moja kati ya Lubumbashi na Kinshasa

"Sisi Lubumbashi tunafunga mbele ya Kinshasa. Si basi wanajua kura zetu kabla hawajamaliza kupiga zao?"

Hapana. Vituo vinafungwa saa 11 jioni, kila upande kwa saa zake. Saa 11 yetu kule ni saa 10. Lakini aliye kwenye foleni wakati huo bado anapiga kura, na sanduku halifunguliwi mpaka wa mwisho amalize. Mwaka 2023 foleni nyingine zilifika usiku! Ndipo karatasi zinakunjuliwa moja moja, mashahidi wakitazama, na matokeo ya kituo yanabandikwa nje. Hayo utayapiga picha, ila kutangaza ni kazi ya tume ya uchaguzi, CENI. Mwaka huo wa 2023 tulipiga 20 Desemba. Matokeo ya muda ya rais yalikamilika 31 Desemba.